Wateja Wanapofurika Tovutini

Mchezo wa simu wa Pokémon GO ulipozinduliwa Julai 2016, wahandisi walikadiria kwamba, hali ikiwa mbaya kabisa, maombi yangefika mara 5 ya lengo lao. Yalifika mara 50.

Mafuriko ya aina hiyo hukabiliwa na mifumo miwili. Kisawazisha mzigo hupokea kila ombi na kuligawa kwa seva zilizo tayari, na kipanuzi cha kiotomatiki huongeza au kupunguza idadi ya seva hizo. Tuseme seva 4 zinatumia asilimia 90 ya nguvu zake, na lengo ni 60. Kipanuzi huwasha 2 zaidi, ziwe 6.

Shida ni muda. Seva mpya huweza kuchukua dakika kadhaa kuwaka, na kisawazisha hakiipi kazi hadi ijibu ukaguzi wa afya. Wakati huo seva za zamani zinaweza kuelemewa, zikashindwa kujibu ukaguzi na kuondolewa. Mzigo wake huangukia zilizobaki. Dalili zake ni kurasa kuchelewa, kisha kosa la 503.

Kwa hiyo, siku ya msongamano ikijulikana, kama ya matokeo ya mitihani, seva ziwashwe mapema. Hifadhidata nayo ipimwe, kwa kuwa ikibaki ndogo, foleni itahamia huko.