Je, Wajua? Mrusi, malaria na kikaratasi cha ALu

Je, wajua kwamba mgeni Mrusi aliyepata malaria Msimbati anaweza kuchelewesha dozi yake ya pili kwa saa sita, na kila mtu aliyemsaidia akawa amemwandikia namba sahihi? Tuseme amepimwa Mtwara mjini, malaria imeonekana na si kali, amepewa ALu. Anameza vidonge vinne vya kwanza mbele ya mfamasia, saa 4 asubuhi. Kwenye bahasha mfamasia anaandika dozi inayofuata: saa 12 jioni. Anayemtafsiria anaibeba ile 12 kama ilivyo. Kwa Mrusi, 12 ya giza ni usiku wa manane. Atakaa saa 14 kati ya dozi ya kwanza na ya pili, badala ya saa 8 zilizoandikwa kwenye kikaratasi.

Dawa yake hufuata saa kwa sababu za msingi. ALu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta hupunguza vimelea haraka lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki. Ndiyo maana dozi sita za mtu mzima hupangwa hivi: mwanzo, kisha saa ya 8, ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60. Anayetafsiri asiandike maneno asubuhi na jioni peke yake. Achukue kalamu aandike tarehe na saa kwa mtindo wa saa 24, ambao Warusi wameuzoea. Mgonjwa wetu atapata: leo 10:00 na 18:00, kesho 10:00 na 22:00, keshokutwa 10:00 na 22:00. Mistari mitatu, hakuna wa kubishana naye.

Mtego huohuo umejificha kwenye onyo la kutapika. Vikaratasi vya ALu husema ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, urudie dozi nzima. Mtafsiri anayefanya kazi kwa haraka asije akamwandikia mgonjwa saa 7:00.

Je, wajua kwamba Kirusi kina neno dogo la herufi mbili linaloweza kuokoa nusu ya dozi? Ni «po». Hufanya kazi ile tunayoifanya sisi kwa kurudia namba, tunaposema meza vinne vinne. Ukiandika «po 4 tabletki 2 raza v sutki», mgonjwa anaelewa vinne kila mara, mara mbili. Ukilisahau «po», sentensi bado inasomeka, ila mwingine ataielewa kuwa ni vidonge vinne kwa siku nzima, vigawanywe mara mbili. Huyo atameza viwili viwili. Namna ya kumgundua ni rahisi: pakiti ya mtu mzima ina vidonge 24, na kwa ratiba ya hapo juu, kesho kabla ya saa 4 asubuhi vinapaswa kubaki 16. Ukikuta 18, tafsiri ndiyo inayoumwa.

Neno «sutki» nalo lina faida yake. Ni usiku na mchana kwa pamoja, saa 24 kamili. Wahudumu wetu huandika «kutwa mara tatu», na kila Mtanzania anajua usiku umo ndani. Mtafsiri akiligeuza kutwa kuwa mchana, mgonjwa anaweza kuzibana dozi zote tatu kabla ya jua kuzama.

Na ile 2×3 ya kwenye bahasha ya parasetamo? Sisi tunajua: vidonge viwili, mara tatu. Mgeni hajui kama namba ya kwanza ni vidonge au ni mara. Akiigeuza, jumla ya siku haibadiliki, ila kila mara atameza vitatu. Kwa vidonge vya miligramu 500, hiyo ni miligramu 1500 kwa mkupuo. Iandikwe kwa maneno.

Je, wajua kwamba mkato mmoja unaweza kuigawa dozi kwa elfu? Kwetu 1,000 ni elfu moja. Urusi mkato hutenganisha namba nzima na sehemu zake, kwa hiyo 1,000 ni moja, na sifuri tatu za mapambo. Parasetamo ya miligramu 1,000 inakuwa miligramu moja. Hapo mgonjwa mwenye akili timamu atashtuka, maana hakuna kidonge kidogo namna hiyo. Lakini kwenye dawa ya maji ya mtoto, 0.5 na 5 zinakaribiana mno. Andika 1 г, au 1000 мг bila mkato, na nusu iandikwe 0,5. Uwe mwangalifu pia na мг na мкг: ya kwanza ni miligramu, ya pili ni mikrogramu, na kilichozitenganisha ni herufi moja katikati.

Upande wa maonyo, vikaratasi vya Kirusi vina vichwa tofauti kwa marufuku na kwa tahadhari, na msomaji Mrusi huvitegemea. Usichanganye. Mwenye historia ya kasoro fulani ya mapigo ya moyo, ile inayoonekana kwenye kipimo cha ECG kama QT iliyorefuka, yuko upande wa marufuku ya ALu. Juisi ya balungi iko upande wa tahadhari. Ukiviweka vyote chini ya «usitumie», mgonjwa ataogopa tunda na moyo kwa kiasi kilekile. Mbaya zaidi ni kuviweka vyote chini ya «uwe mwangalifu».

Kuna kipengele kimoja ambacho watafsiri hukipuuza kwa kudhani ni adabu tu: umeze pamoja na chakula. Kwa ALu si adabu. Lumefantrini hupenda mafuta. Mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza kiasi kinachoingia kwenye damu hadi mara 16 kuliko tumbo tupu. Kwa hiyo haitoshi kuandika «chakula», maana mgonjwa mwenye kichefuchefu atakula kipande cha mkate mkavu na kuona ametii. Andika chakula chenye mafuta, na kwa kuwa tuko Mtwara, mwelekeze kabisa: maziwa, korosho, au samaki wa nazi.

Je, wajua kwamba jina la dawa halihitaji ubunifu? Shirika la Afya Duniani hutoa majina ya kitaalamu ya dawa kwa lugha kadhaa, Kirusi kikiwemo. Mtafsiri hulitafuta, hulinakili, na pembeni huacha jina la kwenye boksi kwa herufi zilezile za Kilatini, ili mhudumu yeyote alioanishe. Wenye Kirusi hapa nchini wapo zaidi ya tunavyodhani, kwani madaktari na wahandisi wengi wa Kitanzania walisoma Urusi tangu enzi za Kisovieti. Daktari wa aina hiyo akipatikana, hata kwa simu, mpe kazi iliyo bora kuliko kutafsiri: asome karatasi ya Kirusi, bila kuona ya asili, aseme kwa Kiswahili mgonjwa anaambiwa ameze nini na lini. Mfamasia asikilize huku akiwa na boksi mkononi.

Karatasi ya Kirusi ibanwe kwenye boksi, isichukue nafasi ya kikaratasi cha asili. Juu yake iandikwe kwa Kirusi: malaria, Tanzania, na tarehe ya dozi ya kwanza. Homa ikimrudia wiki chache baadaye akiwa Moscow, daktari wa kule, ambaye huenda hajaona malaria mwaka mzima, ataanza na kipimo cha damu.