Laini iliyolala: treni imesimama ao inatembea?



Juzi mtoto wa dada yangu, finalisti wa mwaka huu, aliniletea kaye yake ya fizikia. Mwalimu alikuwa amechora grafiki ya treni, kisha akauliza: kuanzia saa ya 5 mpaka saa ya 14, treni inafanya nini? Laini ilikuwa imelala kabisa, sambamba na mhimili wa chini. Kijana alijibu bila kusita kwamba treni imesimama. Akapata sifuri.

"Mjomba, laini si imelala? Kitu kikilala kimesimama!"

Treni haikusimama. Ilikuwa inatembea kilometa 20 kila saa, saa 9 mfululizo. Kijana anajua hesabu vizuri, kosa lake ni kwamba hakusoma neno lililoandikwa kando ya mhimili wa juu. Pale paliandikwa kasi, yeye akasoma umbali. Na katika ezameni ya Leta kosa hilo linakula maksi nyingi, juu maswali yote ya MRU na MRUV yanapitia hapo. Basi nikamwambia akae, tuchore upya. Naandika hapa tulivyofanya, pengine kuna mwingine nyumbani kwenu mwenye kaye kama hiyo.

Tulichukua treni yetu wenyewe, ile ya Kalemie kwenda Kabalo. Reli hiyo ilifika huku ziwani mwaka 1915, na urefu wake ni kilometa 273. Kwa hesabu rahisi tuseme 270. Masaa na kasi nitakazotaja ni za mfano tu, musije stesheni na ratiba yangu! Treni inaondoka Kalemie, na pale tunaandika saa sifuri. Inatembea saa 3 na kufika kilometa ya 90, kwenye stesheni moja ya njiani. Inangoja pale saa 2. Kisha inaendelea polepole, na inaingia Kabalo saa ya 14.

Grafiki ya kwanza ni ya umbali na muda. Chini tunaweka masaa, juu tunaweka kilometa kutoka Kalemie. Laini inapanda kutoka sifuri mpaka 90, inalala kuanzia saa ya 3 mpaka saa ya 5, halafu inapanda tena mpaka 270, lakini kwa mwinamo mdogo zaidi. Hapa kulala kwa laini ni kusimama kweli: saa zinapita, kilometa hazibadiliki.

Ule mwinamo njo kasi yenyewe. Chukua kilometa zilizoongezeka, gawanya kwa masaa yaliyopita. Kipande cha kwanza: 90 kwa 3, ni kilometa 30 kwa saa. Kipande cha mwisho: kutoka 90 mpaka 270 ni kilometa 180, kutoka saa ya 5 mpaka ya 14 ni saa 9. 180 kwa 9 ni 20. Hata bila hesabu jicho linaona: laini ikisimama zaidi, treni inakimbia zaidi.

Kijana akanishangaza hapo. Nilimuuliza kasi ya treni kwenye saa ya 9. Akasoma grafiki vizuri, treni iko kilometa ya 170. Akagawanya 170 kwa 9, akapata 18,9. Sasa laini ile ni nyoofu kabisa kuanzia saa ya 5, na tumeshasema mwinamo wake ni 20. Hiyo 18,9 imetoka wapi? Imetoka kwa sababu amehesabu tangu Kalemie, na zile saa 2 za kungoja zimeingia ndani. 18,9 ni kasi ya wastani tangu mwanzo wa safari, si kasi ya saa ya 9. Ukitaka mwinamo wa kipande, chukua pointi mbili zilizo juu ya kipande hicho hicho, mbali mbali kadiri unavyoweza, usikimbilie sifuri. Kosa hili ndilo ninaloliona kuliko mengine yote, hata kwa watu wazima.

Akauliza swali zuri: kwa nini treni ingoje saa 2 nzima porini? Nikamwambia, chora treni ya pili.

Reli yetu ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana popote, ni kwenye stesheni tu, pale penye reli ya kando. Treni ya pili inaondoka Kabalo saa sifuri hiyo hiyo, kilometa 36 kwa saa, ikija Kalemie. Kwa kuwa tunapima umbali kutoka Kalemie, laini yake inaanza juu, kwenye 270, na inashuka. Mwinamo wa kushuka haumaanishi kwamba treni inapunguza kasi, wala kwamba inateremka mlima. Maana yake ni kwamba inakaribia mahali tulipoanzia kupima. Baada ya saa 5 imekula kilometa 180, imebaki na 90. Yaani inaingia kwenye ile stesheni saa ya 5 barabara, wakati ile yetu inataka kuondoka. Laini mbili zinakutana hapo, kwenye saa ya 5 na kilometa ya 90. Njo sababu ya kungoja.

Na kama dereva wetu angekataa kungoja, akaondoka saa ya 3 kwa zile 20 zake? Tukachora laini kwa nukta nukta. Ilikata laini ya treni ya Kabalo karibu na kilometa ya 116, baada ya saa 4 na dakika 17 hivi. Mahali pale hakuna stesheni, ni reli moja tu na treni mbili uso kwa uso. Watu wa reli wanapanga safari kwa grafiki za namna hii tangu karne ya 19: wanahakikisha laini zote zinakatana kwenye stesheni, si katikati.

Sasa tugeuze. Safari ni ile ile, lakini grafiki ya pili ni ya kasi na muda. Chini masaa, juu kilometa kwa saa. Laini inalala kwenye 30 kwa saa 3, inaanguka mpaka sifuri kwa saa 2, kisha inalala kwenye 20 kuanzia saa ya 5 mpaka ya 14. Hiyo ndiyo laini ya mwalimu. Kusimama kwa treni ni pale tu laini inapogusa mhimili wa chini.

Kwenye grafiki hii umbali hausomwi juu ya laini. Umejificha chini yake. Kipande cha kwanza ni mstatili wenye urefu wa 30 na upana wa 3, eneo lake ni 90. Cha mwisho ni 20 mara 9, yaani 180. Jumla 270, tumefika Kabalo. Ukijiuliza kwa nini eneo linageuka kuwa umbali, angalia vipimo: kilometa kwa saa, mara saa, saa zinakatana na kubaki kilometa. Kwa hiyo usipime eneo kwa sentimeta za karatasi, tumia namba za mihimili. Na kama laini imepinda, hesabu vijumba vilivyo chini yake. Kijumba kimoja chenye kimo cha 10 na upana wa saa 1 kina thamani ya kilometa 10.

Nikubali kitu kimoja: grafiki yetu inadanganya kwenye kona. Hakuna treni inayotoka 30 mpaka sifuri papo hapo. Kweli laini inateremka kwa mwinamo, na mwinamo wa grafiki ya kasi ni kitu kingine tena, ni jinsi kasi inavyoongezeka ao kupungua. Kwa safari ya saa 14, dakika chache za kufunga freni hazionekani. Lakini kwa moto hapa mjini, hizo ndizo kila kitu.

Tuchukue motari kwenye avenue Lumumba, lami kavu. Anatembea mita 10 kwa segonde, yaani 36 kwa saa. Mtoto anaingia barabarani. Segonde 1 ya kwanza motari anaona, anashtuka, mkono unatafuta freni, kasi haijapungua. Kisha freni inashika na kupunguza mita 5 kwa segonde, kila segonde. Chora: laini inalala kwenye 10 kwa segonde 1, halafu inashuka na kugusa chini baada ya segonde 2. Eneo lina mstatili wa 10 mara 1, ni mita 10. Pembetatu ni nusu ya 10 mara 2, ni mita 10 nyingine. Jumla mita 20.

Motari huyo huyo, kwa mita 20 kwa segonde, yaani 72 kwa saa. Freni ni ile ile, kwa hiyo mwinamo ni ule ule, laini mbili za kushuka ziko sambamba. Lakini hii inaanzia juu mara mbili, basi inachukua segonde 4 kufika chini. Mstatili ni 20 mara 1, mita 20. Pembetatu ni nusu ya 20 mara 4, mita 40. Jumla mita 60.

Kijana alikuwa amekisia 40, kwa kuwa kasi imezidi mara mbili. Mstatili kweli umezidi mara mbili. Pembetatu imekua kwa kimo na kwa upana pamoja, kwa hiyo imezidi mara nne. Nikamwomba achore tena na mvua, freni ishike nusu tu, mita 2,5. Laini ikalala zaidi, ikagusa chini baada ya segonde 8, pembetatu ikafika mita 80. Pamoja na mstatili, mita 100.

Akaangalia karatasi muda kidogo, akauliza kutoka mlango wetu mpaka barabarani ni mita ngapi. Tukatoka tukapima kwa hatua. Ni 14.