Milimita 40 juu ya kitambaa

Mpira mweupe wa puli una kipenyo cha milimita 57.15. Uweke mezani, inama, lenga, kisha jiulize: fimbo iuguse wapi ili uanze kuviringika papo hapo, bila kuteleza hata kidogo? Jibu ni milimita 40 kutoka kwenye kitambaa. Kitovu cha mpira kiko milimita 28 na nusu hivi, kwa hiyo mahali penyewe ni milimita 11 na ushee juu ya kitovu, kama upana wa kucha ya kidole cha shahada. Kwa mpira wa kipimo kingine kanuni ni ileile: sehemu saba kati ya kumi za kimo chake.

Tuanze na lile pigo ambalo kila anayejifunza hufundishwa, la katikati kabisa. Watu wengi huamini kwamba mpira uliopigwa hapo huondoka ukiviringika. Sivyo. Huondoka ukiteleza kama sabuni kwenye sakafu yenye maji, haujizungushi hata chembe. Kitambaa ndicho kinachoushika kwa chini, kinaupunguzia mwendo na papo hapo kinauanzishia mzunguko, mpaka vitu hivyo viwili vipatane. Chukua mpira ulioondoka kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde kwenye kitambaa cha kawaida. Utateleza kama nusu mita kabla ya kuviringika sawasawa, na kufikia hapo mwendo wake umeshuka hadi mita 1.43. Ile sehemu iliyobaki ni tano kati ya saba, na haibadiliki. Kitambaa kikiwa kipya na laini, mpira utateleza mbali zaidi, lakini utakapotulia utakuwa umebakiwa na tano kati ya saba zilezile.

Sasa kwa nini milimita 40 zinaondoa hasara hiyo? Pigo moja la fimbo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuusukuma mpira mbele, na kwa kazi hiyo haijalishi umegusa juu au chini, mradi fimbo imelala sawa na meza. Ya pili ni kuuzungusha, na hapa urefu ndio kila kitu: kadiri unavyogusa juu zaidi ya kitovu ndivyo unavyouzungusha zaidi, kama mtu anayefungua mlango kwa kusukuma mbali na bawaba.

Mpira unaoviringika bila kuteleza una jambo moja la kushangaza: ile nukta inayogusa kitambaa imesimama tuli. Mpira mzima unaipeleka mbele, mzunguko unairudisha nyuma, na miendo hiyo miwili inafutana. Kwa hiyo tunatafuta mahali ambapo pigo moja linatoa mwendo na mzunguko kwa kiasi kinacholingana. Mahali hapo hutegemea jinsi mada ilivyopangwa ndani ya mpira. Mpira wa puli umejaa ndani, uzito wake umeenea sawasawa mpaka kitovuni, basi hauhitaji nguvu nyingi kuuzungusha. Hesabu inatoa sehemu mbili kati ya tano za nusu kipenyo, kupanda kutoka kitovuni. Ungekuwa na uwazi ndani kama mpira wa tenisi ya meza, uzito wote ungekuwa kwenye ganda, nao ungekuwa mzito kuzungusha. Ungelazimika kuupiga sehemu mbili kati ya tatu juu ya kitovu. Uzito wa mpira hauingii katika hesabu, wala ukali wa pigo. Kitambaa nacho hakiingii, kwa sababu ncha ya fimbo hugusana na mpira kwa muda wa takriban sekunde moja iliyogawanywa kwa elfu, na msuguano haupati nafasi ya kufanya lolote.

Mwaka 1835 Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, yuleyule ambaye jina lake hutajwa katika masomo ya upepo na mzunguko wa dunia, alichapisha kitabu kizima juu ya hesabu za mchezo huu. Kanuni ya mbili kati ya tano imo humo.

Ukiijua kanuni, mkono bado unaweza kukusaliti. Niliwahi kubandika kijiti cha kiberiti pembeni mwa mpira, kwenye alama ya milimita 40, nikailenga fimbo pale kwa uangalifu wote, na mpira ukaondoka ukiteleza. Ilinichukua muda kuelewa. Ncha ya ngozi ni ya mviringo, na mpira nao ni mviringo. Unapolenga juu ya kitovu, ncha haigusi kwa katikati yake bali kwa ukingo wake wa chini. Ili mguso wenyewe uwe kwenye milimita 40, mstari wa katikati ya fimbo unapaswa kuwa kwenye milimita 43 au 44. Nilikuwa nimelenga pazuri na kugusa chini ya pale nilipolenga.

Juu zaidi ya hapo kuna hatari ya pili. Fimbo inauchapa mteremko, na chaki ndiyo inayozuia ncha isiponyoke. Chaki nzuri huvumilia mpaka karibu nusu ya nusu kipenyo, milimita 14 kutoka kitovuni. Sisi tuko kwenye 11 na ushee. Zimebaki chini ya milimita tatu kati ya pigo safi na ule mlio wa kuponyoka ambao kila mtu baani hugeuka kuutazama. Ndiyo maana mchezaji mzuri halazimishi pigo hili katika mkwaju mrefu wa polepole. Hugusa juu kidogo tu ya kitovu, na kuviacha kitambaa na umbali vimalizie kazi.

Ukitaka kuhakiki pigo lako, tia alama moja ya chaki kwenye mpira, alama ikiwa juu, na mwenzako aurekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu. Mpira unaoviringika husafiri sentimita 18 kwa kila mzunguko mmoja. Alama ikirudi juu baada ya sentimita 30, ulikuwa unateleza: umepiga chini mno. Ikirudi kabla ya 18, umepiga juu mno, na ukitazama vizuri utaona mpira ukiongeza mwendo wenyewe, kwa kuwa mzunguko uliozidi unakikwaruza kitambaa kwenda nyuma na kuusukuma mbele.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji simu. Weka mpira mwingine sentimita 20 mbele na uupige uso kwa uso. Mpira unaoteleza bila mzunguko hugonga na kusimama palepale. Mpira unaoviringika nao husita baada ya kugonga, umempa mwenzake mwendo wote lakini mzunguko umebaki nao. Kisha huanza tena kwenda, ukimfuata taratibu. Mwendo wake wa mwisho ni sehemu mbili kati ya tano za ule wa mwenzake, na umbali atakaokwenda ni kama moja ya sita.

Utasikia pia kwamba kingo za meza zimewekwa milimita 40 kwa sababu hiyohiyo. Hapana. Kipimo cha mashindano ni asilimia 63.5 ya kipenyo, milimita 36 na kidogo. Ukingo ukiwa juu zaidi huubana mpira chini kwenye kitambaa na kuula mwendo. Ukiwa chini mno, mpira uliopigwa kwa nguvu huruka nje ya meza.