Majaribio Matatu ya Uwiano wa Kibinomia: Mfano wa Utafiti wa Lahaja Unguja

1.0 Utangulizi
Mtafiti wa lahaja za Unguja hukusanya data kwa watoa taarifa wachache. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba wazee 10 wa Makunduchi wanaulizwa neno moja: 8 wanatumia umbo la Kikae na 2 wanatumia umbo la Mji Mkongwe. Je, data hii inatosha kukanusha nadharia tete kwamba maumbo hayo yanatumika sawa kwa sawa, yaani p = 0.5? Makala haya yanaonyesha kwamba jibu hutegemea jaribio linalochaguliwa.

2.0 Njia tatu za kupima
Yamkini ya data huweza kuchorwa kama kilima ambacho kilele chake kiko kwenye kadirio, hapa 0.8. Jaribio la Wald (1943) hupima umbali wa mlalo kutoka kileleni hadi 0.5. Jaribio la Rao (1948), yaani jaribio la alama, hupima mwinamo wa kilima palepale kwenye 0.5. Jaribio la uwiano wa yamkini, ambalo Wilks alilitolea mgawanyo wake mwaka 1938, hupima tofauti ya kimo, kwa logi, kati ya mahali hapo pawili.

Kwa uwiano wa kibinomia, Wald na Rao wanatofautiana katika kigawanyo tu: Wald hukokotoa variansi kwa kadirio, Rao kwa nadharia tete.

Wald: 0.3² ÷ (0.8 × 0.2 ÷ 10) = 5.63
Rao: 0.3² ÷ (0.5 × 0.5 ÷ 10) = 3.60
Uwiano wa yamkini: 2[8 ln(0.8/0.5) + 2 ln(0.2/0.5)] = 3.85

Kila tokeo hulinganishwa na 3.84, kikomo cha kai-skwea kwa kiwango cha 5%. Wald anakanusha waziwazi, uwiano wa yamkini unakanusha kwa unywele, Rao hakanushi. Hesabu kamili ya kibinomia, bila ukadiriaji wowote, inatoa uwezekano wa 0.109 kwa pande mbili. Hivyo inaafikiana na Rao.

3.0 Chanzo cha tofauti
Kadirio linapokaribia 0 au 1, variansi ya Wald husinyaa na tokeo huvimba. Wazee wote 10 wangetumia Kikae, variansi hiyo ingekuwa sifuri na jaribio lisingekokotoleka. Rao angetoa 10.00 na uwiano wa yamkini 13.86. Sampuli ikikua, majaribio hukaribiana: kwa watu 220 kati ya 400, matokeo ni 4.04, 4.00 na 4.01.

4.0 Hitimisho
Kwa sampuli ndogo, jaribio la Wald lisitegemewe; Rao au hesabu kamili ni salama zaidi. Hata hivyo, yote yanadai watoa taarifa wasiotegemeana. Matamko 10 ya mzee mmoja si sampuli ya watu 10, na hakuna jaribio kati ya haya litakaloiponya kasoro hiyo.