Mvua Kushoto, Bei Kulia

Mvua hupimwa kwa milimita, mahindi huuzwa kwa shilingi. Ukiviweka vyote viwili kwenye grafu yenye kipimo kimoja, kimoja kitamezwa. Tuseme mvua ya Januari ni milimita 250 na gunia la mahindi mwezi huo ni shilingi 82,000: nguzo ya mvua italala chini kabisa, usiione hata ukivaa miwani. Ndiyo maana grafu za aina hii hupewa mihimili miwili ya wima. Wa kushoto unasoma mvua, inayochorwa kwa nguzo. Wa kulia unasoma bei, inayochorwa kwa mstari. Miezi inakaa chini, na pande zote mbili zinaitumia.

Tuchukue mfano wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tuseme maeneo ya Songea, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Namba nitakazotumia ni za mazoezi, nimezipanga zifuate mwenendo wa kawaida wa huko. Mvua: Oktoba 10, Novemba 60, Desemba 190, Januari 250, Februari 210, Machi 220, Aprili 90, Mei 15, kisha sifuri hadi Septemba. Bei ya kilo moja ya mahindi kwa miezi hiyohiyo: 620, 680, 740, 820, 880, 860, 720, 600, 500, 480, 510, 560.

Nimeanzia Oktoba makusudi. Ukianzia Januari, kama kalenda ya ukutani inavyofanya, unaukata msimu wa mvua vipande viwili, kimoja kikae mwanzo wa grafu na kingine mwisho, na msomaji ashindwe kuona kwamba ni mvua ileile moja. Bei nayo nimeiandika kwa kilo, kwa sababu gunia la sokoni halina uzito mmoja. Lumbesa la mlanguzi na gunia lililoshonwa kwa adabu vinaweza kuwa na bei moja huku vikipishana kilo nyingi.

Kabla ya kuchora, kuna hesabu ambayo wengi huikosea. Mvua ya mwezi ni jumla: unajumlisha vipimo vya kila siku. Bei ya mwezi ni wastani. Kama safu ya B ina mvua ya kila siku ya Januari na safu ya C ina bei za siku za soko, fomula zake ni hizi:

```
=SUM(B2:B32)
=AVERAGE(C2:C32)
```

Ukiichukulia mvua wastani badala ya jumla, Januari itasoma milimita 8 hivi, na yeyote anayelima atakuuliza hiyo mvua ya Januari ilinyesha wapi.

Siku ambayo soko halikufanyika, acha kisanduku kitupu, usiandike 0. Kompyuta haijui kwamba sifuri yako ina maana ya "sikupata bei"; inaihesabu kama mahindi ya bure, na wastani unashuka. Mwezi mzima ukiwa hauna bei, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa mstari unatumbukia hadi sakafuni kisha unapanda tena. Ukiona mstari wa bei umedondoka ghafla mpaka sifuri, usitafute sababu shambani. Kwa mvua ni kinyume chake: sifuri ya Julai ni kipimo halali, maana yake haikunyesha, na iandikwe.

Kuchora kwenyewe ni kazi fupi. Panga safu tatu: mwezi, mvua, bei. Katika Excel ya kompyuta ya Windows, chagua jedwali lote, nenda `Insert`, kisha `Recommended Charts`, fungua `All Charts` na uchague `Combo`. Chini utaona safu zako mbili. Mvua ipe `Clustered Column`, bei ipe `Line`, na kwenye bei pekee utie alama katika kisanduku cha `Secondary Axis`. Halafu andika kila upande kipimo chake, "Mvua (milimita)" na "Bei (shilingi kwa kilo)", na namba za kila mhimili uzipe rangi ya kitu unachokisoma: buluu kwa nguzo za buluu, nyekundu kwa mstari mwekundu. Bila hivyo, msomaji atausoma mstari wa bei kwa namba za mvua.

Sasa grafu ipo, na hapo ndipo panapohitaji macho. Mhimili wa kulia unaweza kuuanzia na kuuishia popote upendapo. Uweke kutoka 0 hadi 1,000, na bei inaonekana ikipanda taratibu na kushuka taratibu. Uweke kutoka 450 hadi 900, na mstari uleule unaruka kutoka sakafuni hadi darini. Uweke hadi 3,000, unakuwa karibu bapa, kana kwamba bei haikubadilika mwaka mzima. Namba ni zilezile, wala hakuna aliyedanganya. Nguzo lazima zianzie sifuri, kwa kuwa jicho hulinganisha urefu wake. Mstari unaruhusiwa kuanzia juu ya sifuri, lakini msomaji makini huanza kwa kutazama namba ya chini kabisa ya upande wa kulia. Na pale mstari unapokatana na kilele cha nguzo, usipatafutie maana yoyote. Badilisha kipimo cha upande mmoja, na makutano yanahamia mwezi mwingine.

Mtego mkubwa zaidi uko katika umbo lenyewe. Katika mfano wetu, nguzo ndefu na bei kubwa zinakaa miezi ileile, Januari hadi Machi. Mtu akitazama haraka atasema mvua inapandisha bei ya mahindi. Lakini Februari vihenge vimekaribia kwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na barabara za vijijini zina matope, malori hayafiki. Bei inapandishwa na uhaba wa mahindi ya msimu uliopita. Aprili mahindi mabichi yanaanza kuliwa, Juni na Julai mavuno yanaingia sokoni, na bei inafika chini kabisa wakati hakuna hata tone la mvua.

Kwa hiyo nguzo ya Januari haina mengi ya kusema kuhusu bei iliyo juu yake. Ikizungumza na bei, inazungumza na ile ya miezi mitano au sita mbele. Grafu ya mwaka mmoja haiwezi kukuonyesha hilo. Unahitaji misimu kadhaa, kila mmoja ukiwa na jumla ya mvua ya Novemba hadi Aprili, pamoja na wastani wa bei ya Juni hadi Agosti inayofuata. Ukishapata hizo, achana na nguzo na mstari, chora nukta: kila msimu nukta moja, mvua chini, bei pembeni.

Hata hapo kutakuwa na nukta zitakazokaa mahali usipozitarajia. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na uamuzi wa namna hiyo unaweza kuishusha bei bila kujali mvua ilinyesha kiasi gani. Ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao unaweza kuiinua. Ndiyo sababu wachoraji wazoefu huandika jambo la namna hiyo kwa maneno machache juu ya mwezi wake, palepale kwenye grafu, ili mtu asiangalie nguzo akitafuta sababu isiyokuwemo.