Je, Wajua? Kwa Mchina, 555 Ni Kilio

Je, wajua kwamba Mchina akikuandikia 555 kwenye simu, analia? Tarakimu 5 kwa Kimandarini hutamkwa "wu", na wu-wu-wu ndiyo sauti ya kwikwi. Usiichanganye na 555 ya Mthai: kwa Kithai tano ni "haa", kwa hiyo yeye anacheka.

Mchina anayecheka huandika 233, na hapa matamshi hayakusaidii kitu. Katika jukwaa moja la zamani la mtandaoni, Maopu, kikatuni cha kicheko kilikuwa na namba 233. Kikatuni kimesahauliwa, namba imebaki. Kila ukiongeza 3, kicheko kinazidi.

Herufi nazo zina njia yake. Wachina wengi huandika kwa pinyini, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, na vijana huchukua herufi ya kwanza ya kila silabi. Duibuqi, neno la kuomba radhi, linakuwa dbq.

Sasa tazama wanafunzi wawili wakichati kwenye WeChat. Wa kwanza anasema kesho kuna mtihani, amekwisha, 555. Mwenzake anajibu: 23333, hata mara ile ulisema hivyo, ukashika namba moja. Wa kwanza anatuma 🙂 peke yake. Wa pili: dbq dbq. Wa kwanza anafunga kwa 88, "ba-ba", sauti iliyo karibu na bai-bai.

Ukitafsiri mazungumzo haya kwa Kiswahili, mtego uko kwenye uso ule wa 🙂. Ukiuacha ulivyo, msomaji wa Kiswahili ataona tabasamu la upole, kisha atashangaa kwa nini mwenzake anakimbilia kuomba msamaha. Kwa vijana wa China, tabasamu hilo la midomo iliyobanwa ni baridi: nimechukia, au sina la kukuambia. Hiyo dbq ndiyo ushahidi wako, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujatafsiri ujumbe wa katikati. Mimi ningeandika hivi:

— Kesho mtihani, nimekwisha mimi, uwiii!
— Hahahahaa! Hata mara ile ulisema hivyo hivyo, ukashika namba moja.
— Haya.
— Sori, sori!
— Poa, bai.

"Haya" kavu, yenye nukta, inabeba ubaridi bila kugeuka tusi. "Naomba radhi" ingekuwa nzito mno kwa dbq, ambayo ni ya marafiki. Nayo "bai" inaonyesha kwamba ugomvi haukufika mbali. Angetaka kukata mawasiliano kabisa, huenda angetuma uso unaopunga mkono, ambao kwa vijana hao mara nyingi maana yake ni "tumemalizana".

Umri wa mwandishi nao unabadilisha tafsiri. Wazee wengi wa China hutuma 🙂 kwa upendo wa dhati kabisa. Mama akimjibu binti yake kwa uso uleule, andika: "Haya mwanangu, nimefurahi."