Kutoka Aya Hadi Mchoro: Basi, Safari na Tiketi

Zoezi la kwanza la maana katika somo la hifadhidata huwa fupi kulisoma na refu kulitenda. Mhadhiri hutoa aya ya maelezo, kisha husema: chora mchoro wa huluki na mahusiano. Chukua aya kama hii:

"Kampuni inamiliki mabasi. Kila basi lina namba ya usajili, daraja lake na viti. Kila kiti kina namba, na hujulikana kama kiko dirishani au hapana. Kampuni ina njia kadhaa, kila moja ikiwa na mji wa kuanzia na mji wa kuishia. Basi hupangiwa safari katika njia fulani, kwa tarehe na saa maalumu. Safari huendeshwa na dereva mmoja au wawili. Kila dereva ana jina, namba ya leseni na simu. Abiria, ambaye jina na simu yake huandikwa, hukata tiketi ya kiti katika safari. Nauli hutegemea njia na daraja la basi. Kila jioni meneja hutaka kujua kila safari imebeba abiria wangapi."

Mchoro unaotakiwa una mambo matatu. Huluki ni kitu au tukio ambalo kampuni inataka kulikumbuka, nalo huchorwa kama kisanduku. Sifa ni taarifa kuhusu huluki hiyo, kama namba ya leseni ya dereva. Uhusiano ni mstari unaounganisha visanduku, pamoja na alama zinazoonyesha vingapi vya upande huu vinakutana na vingapi vya upande ule. Utaratibu huu ulitolewa na Peter Chen katika makala yake ya mwaka 1976, na baadaye, mwaka 1983, Chen mwenyewe aliandika kuhusu jinsi sarufi ya sentensi inavyoweza kuongoza uchoraji: nomino hudokeza huluki, na kitenzi chenye yambwa hudokeza uhusiano.

Ndiyo maana wahadhiri wengi hufundisha kupigia mstari nomino zote kwanza. Ni mwanzo mzuri, mradi usiishie hapo, kwa sababu aya yetu ina nomino karibu ishirini na nyingi hazistahili kisanduku. Kampuni ni moja tu, na hifadhidata yote ni yake, kwa hiyo hakuna orodha ya kampuni ya kutunza. Meneja ametajwa kama msomaji wa ripoti, wala aya haisemi neno lolote kumhusu linalohitaji kuhifadhiwa. Idadi ya abiria hupatikana kwa kuhesabu tiketi, na kuihifadhi kando ni kukaribisha siku ambayo hesabu mbili hazitalingana. Mji nao, katika aya hii, ni jina tu lililoandikwa kwenye njia. Kama aya ingeongeza kwamba kila mji una ofisi na wakala wake, mji ungepata kisanduku mara moja.

Maswali ninayoyaamini hapa ni mawili: je, viko vingi vya aina hii, na je, kuna zaidi ya jina tunalotaka kujua kuhusu kila kimoja? Yakijibiwa ndiyo yote mawili, chora kisanduku. Maswali haya husaidia pia pale kitenzi "kuwa na" kinapochanganya mambo. Basi lina namba ya usajili, na basi lina viti. Sentensi zinafanana kabisa, lakini namba ni sifa, ilhali viti ni vingi na kila kimoja kina taarifa yake. Kiti basi ni huluki, tena ya namna ya pekee: kiti namba 12 kipo katika kila basi, na hakitambuliki mpaka utaje ni cha basi lipi. Huluki dhaifu kama hiyo Chen aliichora kwa kisanduku chenye mistari miwili.

Kosa kubwa zaidi katika zoezi hili halitokani na kuchora visanduku vingi mno. Hutokana na kuchora vitu vinavyoshikika peke yake. Mwanafunzi huona basi, dereva na abiria, kisha huunganisha abiria na basi kwa mstari ulioandikwa "hupanda". Mchoro unaonekana safi. Sasa muulize: nani alikalia kiti namba 12 cha basi hili Jumanne iliyopita? Mchoro hauna pa kuweka Jumanne. Tarehe haiwezi kuwa sifa ya basi, kwa kuwa basi lilelile husafiri tena Jumatano, wala haiwezi kuwa sifa ya abiria. Taarifa inapokosa kisanduku cha kukaa, hiyo ni dalili kwamba kuna tukio limesahauliwa.

Katika aya yetu matukio ni mawili, safari na tiketi, na karibu kila kitu kingine huning'inia kwenye hayo. Njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni mpango wa kudumu. Safari ni kuondoka kwa siku moja katika njia hiyo, saa 12 asubuhi kwa mfano, kwa basi fulani. Tiketi ni makubaliano ya mtu mmoja kukaa kiti kimoja katika safari moja. Ukishaweka visanduku hivi viwili katikati ya karatasi, mistari mingine hupata mahali pake.

Kila mstari lazima usomwe pande mbili, na kila upande uulizwe idadi ya chini na ya juu. Tuanze na basi na safari. Safari moja hutumia mabasi mangapi? Moja, wala si chini ya moja. Basi moja hufanya safari ngapi? Nyingi, na huenda hata moja isiwepo, kwa sababu basi lililonunuliwa jana bado halijapangiwa kazi. Katika mtindo wa mguu wa kunguru, ambao makala nyingi za sasa hutumia, upande wa basi hupata vijistari viwili, maana yake moja tu na ni lazima. Upande wa safari hupata duara na mguu wenye vidole vitatu, maana yake sifuri au nyingi. Wanaoanza mara nyingi hugeuza ncha hizi. Dawa ni kuusoma mstari kwa sauti, ukianza na neno "moja" kwenye kisanduku unachotoka na kuangalia alama ya kisanduku unachokwenda.

Dereva na safari ni jambo jingine. Safari ina dereva mmoja au wawili, na dereva huendesha safari nyingi, kwa hiyo uhusiano ni wa wengi kwa wengi. Mguu wa kunguru husema "wengi" bila kusema kwamba mwisho ni wawili. Kikomo hicho kiandike kando ya mstari, kwani ukikiacha hakuna mahali pengine kitakapoonekana.

Nauli ndiyo sentensi ya aya inayopima uelewa. "Hutegemea njia na daraja la basi." Ukiiweka kama sifa ya njia, mabasi yote ya njia hiyo yatatoza sawa. Ukiiweka kwenye basi, basi litatoza sawa popote liendapo. Nauli ni sifa ya mkutano wa njia na daraja, na hapo daraja, ambalo mwanzoni lilionekana kuwa neno tu kwenye basi, linapanda cheo na kuwa huluki. Kati ya njia na daraja kuna uhusiano wa wengi kwa wengi, na nauli hukaa juu ya uhusiano huo. Katika mchoro wa Chen ni sifa iliyoshikizwa kwenye almasi. Katika mguu wa kunguru ni kisanduku kipya, NAULI, chenye mistari miwili ya kuingia.

Je, tiketi nayo iandikwe kiasi kilicholipwa? Wengine huona huko ni kurudia. Mimi naona ni lazima. Nauli ikipanda mwezi Desemba, tiketi ya Novemba haipaswi kubadilika nayo. Nauli ya leo na kiasi alicholipa mtu siku ile ni taarifa mbili tofauti, hata zikiwa na tarakimu zilezile kwa miezi mingi.

Sasa turudi kwenye kiti, kwa kuwa hapo mchoro hujifunga duara. Tiketi inaunganishwa na safari, safari na basi, basi na kiti, na kiti na tiketi. Mwanafunzi akichora mistari yote minne bila maelezo, mchoro unaruhusu tiketi ya safari ya Mbeya iwe na kiti cha basi lililokwenda Dodoma. Hakuna alama ya ncha itakayozuia hilo. Njia rahisi ni kutambua kwamba safari tayari inajua basi lake. Tiketi inahitaji kubeba safari na namba ya kiti tu. Basi lenyewe hupatikana kupitia safari. Kinga dhidi ya kiti kimoja kuuzwa mara mbili, ugomvi ambao abiria wengi wameushuhudia mlangoni mwa basi, huja kuwa sharti moja wakati wa kutengeneza jedwali la tiketi:

```sql
UNIQUE (safari_id, namba_ya_kiti)
```

Uamuzi huo una faida nyingine. Basi likiharibika alfajiri na kubadilishwa, linarekebishwa basi katika safari moja tu, na tiketi zote zinaendelea kusimama. Kama basi jipya ni dogo, zile ambazo namba zake hazipo ndizo zitakazojitokeza, na karani atajua mapema nani wa kupigiwa simu.

Kabla ya kukabidhi karatasi, chukua maswali ambayo kampuni itauliza na uyafuatilie kwa kidole kwenye mistari. Hesabu ya meneja: kutoka safari hadi tiketi, hesabu, umemaliza. Dereva gani aliendesha safari ya mzigo wa malalamiko? Safari hadi dereva. Nani hasa alikaa kiti namba 12? Tiketi hadi abiria, na hapa kidole kinasita. Mama akikata tiketi nne, yake na za watoto watatu, abiria wa tiketi hizo ni nani? Aya inasema abiria hukata tiketi, ikichukulia kwamba mlipaji na msafiri ni mtu yuleyule. Mchoro wenye mstari mmoja utaandika jina la mama mara nne. Ukitaka kuwatofautisha, chora mistari miwili kati ya abiria na tiketi, mmoja "hulipia" na mwingine "husafiri kwa".

Aya haiamui, na mchoraji hana haki ya kuamua kimyakimya. Muulize mhadhiri, kama ambavyo kazini ungemuuliza mkatishaji tiketi. Asipokuwepo, andika chini ya mchoro dhana uliyoishika. Uliza pia tiketi inayofutwa hufanywaje. Lile sharti la hapo juu linazuia kiti kuuzwa tena katika safari ileile hata kama mteja wa kwanza amerudishiwa pesa, isipokuwa tiketi yake ihamishwe au ifutwe kabisa, na ikifutwa kabisa, kumbukumbu ya marejesho inapotea nayo.